Fungate ya pili: barua kwa Baba Neema

Jumapili ile ulikuwa umejilaza baada ya chakula, mimi nipo mezani nachambua mchele, simu ikalia. Kundi jipya. JUBILEI MIAKA 25 BABA NA MAMA NEEMA. Wifi ndiye aliyelifungua, na kabla sijamaliza kusoma jina watu walikuwa wanaingizwa mmoja mmoja: binamu zako wa Same, majirani wa Kimara, kwaya nzima, hata yule fundi aliyetupaulia nyumba. Mtu akauliza sare itakuwa rangi gani. Akajibiwa bluu bahari na fedha. Mwingine hakuuliza kitu, aliandika jina lake na mbele yake ahadi ya mchango.

Nikaigeuza simu kifudifudi.

Hukuamka, na mimi sikukwambia kitu. Tangu siku hiyo jambo hili linanizunguka kichwani, nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi, nikiwa napika. Nimeamua kuliandika hapa, mahali ambapo hata wasiotujua watalisoma, kwa sababu nikikutumia kwenye simu utanijibu kwa kidole gumba cha njano na mambo yataishia hapo.

Ninachoomba ni hiki. Misa ya shukrani tuifanye, tena asubuhi, misa ya pili, na padri atubariki mbele ya waliopo. Ukumbi tuuache. Halafu tuondoke, wewe na mimi, tukale fungate ya pili.

## Kwa nini si ukumbi

Unajua siogopi sherehe. Ninachoogopa ni kamati.

Wewe ni mwenyekiti wa kamati tangu nikujue. Harusi za wadogo zako, send-off za mabinti wa kanisani, misiba, ujenzi wa nyumba ya masista. Hata ya kwetu wakisema ukae pembeni utapokea simu za mpishi, utauliza vinywaji vimefika, na siku yenyewe utakuwa unasimama kila dakika kumnong'oneza MC. Nitakaa kwenye kiti kirefu chenye maua, na kiti cha pembeni kitakuwa kitupu.

Kuna la pili, na hili ndilo gumu kulisema. Tangu Neema aondoke na mdogo wake aingie bweni, tumebaki wawili mezani. Tunaongea luku, tunaongea maji ya bomba yametoka au hayajatoka, tunaongea ada. Tukimaliza hayo, wewe unawasha taarifa ya habari. Sisemi kwamba tumegombana. Nasema sijui tungeongea nini kama umeme usingekatika kabisa.

Kwa hiyo nilipoanza kupima mahali pa kwenda, picha nzuri sikuzitilia maanani sana. Nilijiuliza swali moja kwa kila mahali: siku ya tatu, saa kumi alasiri, vya kuona vimeisha, mimi na Baba Neema tutakuwa tunafanya nini?

## Tarehe yetu ina mvua

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 28 Aprili 2001, kwa sababu ile ile inayowafanya Wakatoliki wengi wafunge Aprili: Kwaresima imepita, Pasaka imeliwa, kanisa limefunguliwa kwa harusi. Mwaka huu tarehe hiyo inaangukia Jumanne. Jumapili ya kabla yake ni Muungano, Ijumaa inayofuata ni Mei Mosi. Ukiomba likizo ya Jumatatu hadi Alhamisi tu, tunapata juma zima.

Ubaya wake unaujua. Mwisho wa Aprili ni masika yenyewe. Pwani yote na milima ya Tanga inanyeshewa, na hoteli nyingi za ufukweni hufunga ili kupaka rangi na kuwapa wafanyakazi likizo. Tunaweza kusogeza fungate mpaka Oktoba au Novemba, jua likiwa zuri. Lakini mimi na wewe tunajifahamu. Kitu kilichosogezwa kwetu mpaka Oktoba hukuta ada ya muhula, msiba wa Same, au gari limeharibika.

Nimebakiwa na sehemu tatu.

## Lushoto

Hii ingekuwa rahisi kuliko zote, na najua ndiyo utakayoitaja ukiulizwa ghafla. Ndiko tulikokwenda mwaka 2001. Basi linapanda moja kwa moja kutoka hapa: Chalinze, Segera, Korogwe, halafu Mombo unaiacha barabara kuu na kuanza zile kilomita 33 za kona kupitia Soni. Hakuna boti, hakuna ndege, hakuna bahari. Nyumba za wageni za kanisa ni safi na bei yake haiumizi. Unalala chini ya blanketi mbili, mbu wachache, asubuhi unakunywa chai na mkate wa rai na jibini ya Irente. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na baada ya joto la Kimara hilo peke yake ni zawadi.

Sasa upande wa pili. Raha ya Lushoto ni miguu na macho. Unatembea mpaka jabali la Irente, unasimama ukingoni, unaiona nyika ya Mazinde chini kabisa, barabara ya Moshi nyembamba kama uzi. Mwisho wa Aprili ukungu unaweza kukaa pale asubuhi yote usione hata mti ulio mbele yako. Njia za msitu wa Magamba zinateleza, na goti lako la kushoto halipendi mteremko hata wa ngazi za kanisani. Ile barabara ya Mombo nayo mvua ikizidi huangushiwa mawe na udongo, na siku nyingine magari hungoja mpaka njia isafishwe. Tukienda lazima tuache siku moja ya akiba kabla hujarudi kazini.

Haya yote ningeyavumilia. Kinachonizuia ni kingine.

Nakumbuka chumba kile chenye mahali pa moto. Kulinyesha siku zote, hatukuona Irente wala Magamba, na hatukujali. Simu ya mkononi hatukuwa nayo. Ulinieleza habari za baba yako mpaka kuni zikaisha. Nikirudi pale nitakaa nikimngoja yule kijana aongee, na wewe, maskini, hutajua kwamba unashindanishwa na mtu wa miaka 27 ambaye ni wewe mwenyewe. Hiyo si haki kwako.

Saa kumi alasiri, siku ya tatu, Lushoto: tupo chumbani, nje mvua, na simu yako ina mtandao.

## Mafia

Huku ndiko moyo wangu ulikokwenda kwanza, na sitakuficha.

Nimetamani papa potwe tangu Neema aliponionyesha video. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ana madoa meupe mgongoni, na hali watu. Anafungua mdomo na kuchuja viduduvi vya baharini. Kule Mafia anakuja karibu kabisa na Kilindoni, kiasi kwamba mashua haisafiri mbali kumfuata. Wengi wanaoonekana hapo ni madume machanga. Nahodha akiona pezi anatangulia mbele ya njia yake, mnashuka majini taratibu mkiwa na miwani na mrija, mnamwacha apite. Kumgusa hairuhusiwi, na mkiani mnakaa mbali kwa sababu ndiko iliko nguvu.

Msimu wake ni Oktoba mpaka Februari au Machi kidogo. Watafiti waliwapachika vifaa vya kutoa mlio chini ya maji wakagundua kwamba wengi hawahami, ila nje ya msimu wanakaa mbali na pwani na chini zaidi, hawaonekani juu. Maana yake Aprili watakuwepo na hatutawaona. Kwa hiyo Mafia ni Novemba au basi. Nimeshasema naionaje Novemba.

Kufika kwenyewe kuna njia mbili. Ndege ndogo kutoka Dar, safari fupi ya nusu saa na ushee, mzigo wa kilo 15 kwenye begi laini, na nauli yake inakula sehemu kubwa ya bajeti kabla hatujalala usiku hata mmoja. Au tunakwenda kwa gari mpaka Nyamisati, tunavuka kwa chombo kupitia mikoko ya mdomo wa Rufiji mpaka Kilindoni. Hii ni nafuu sana na inachosha sana, na ratiba inafuata maji na hali ya chombo. Kulala Kilindoni ni bei ya kawaida. Ukitaka Utende, kwenye ile ghuba ya Chole yenye matumbawe, unaingia ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya kwanza nchini, ya mwaka 1995. Unalipa kiingilio kwa kila siku. Sisi wenyeji tunalipa kidogo kuliko wageni, lakini hoteli za huko nyingi zinahesabu kwa dola.

Bei hata hivyo siyo iliyonigeuza. Usiku mmoja nilikuwa nimelala macho, nikijaribu kutuona tukiwa kwenye ile mashua. Nahodha anasema sasa. Mimi naruka. Na wewe, ambaye huogelei na ambaye hujawahi kuvuka Kigamboni bila kushika ubao, umebaki juu umeshika taulo langu na simu yangu, unaniangalia kama umepewa watoto wa watu kuwalinda.

Ukiniuliza, hivyo ndivyo tumeishi miaka hii yote, ila mara nyingi mshika taulo nilikuwa mimi.

Sitaki fungate ambayo mmoja wetu anamngoja mwenzake. Mafia nitakwenda na Neema siku moja. Nakuomba tu usije ukanikatalia siku hiyo ikifika.

## Jambiani

Sasa soma polepole, kwa sababu sehemu hii ina hesabu na najua unapenda hesabu.

Unguja ni karibu. Boti ya Dar inachukua saa mbili hivi, tunabeba vitambulisho vya NIDA tu, halafu gari inatuvusha kisiwa mpaka Jambiani, pwani ya mashariki, kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Mwisho wa Aprili ni tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika kasi, kwa hiyo kwa kawaida mkondo haurushi chombo kama Julai. Nimesema kwa kawaida. Dhoruba ya masika inaweza kuja siku yoyote, nawe utakaa katikati ya boti, ghorofa ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Kila anayelalamikia pwani ya mashariki analalamikia kitu kimoja: maji yanaondoka. Umelipia bahari, unaamka asubuhi unakuta mchanga. Ni kweli. Ardhi ya pale chini ya maji ni tambarare mpaka kwenye mwamba, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja inafika karibu mita nne. Kwenye tambarare namna ile, mita nne za wima zinakuwa kilomita ya kutembea. Wakati wa maji mafu tofauti ni mita moja na kitu, na bahari haiendi mbali.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hukolea siku moja mbili baadaye. Kwa Unguja siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hujaa karibu saa kumi. Wanaotaka kuogelea asubuhi wachague juma la maji mafu, ambapo saa ni kinyume: saa nne maji yamejaa. Au waende Nungwi, kule kaskazini kina kinashuka haraka na unaogelea mchana kutwa. Nungwi nimeiacha kwa sababu ya muziki.

Mwaka huu mwezi unapevuka tarehe 1 Mei.

Juma letu, yaani, ni juma baya kabisa la kuogelea Jambiani. Nilipoona hivyo nilifunga kalenda. Ilikuwa siku kadhaa baadaye, nakuangalia ukifagia uwanja bila viatu, ndipo nikaifungua tena. Nani kasema sisi tunakwenda kuogelea?

Wewe huogelei. Mimi naogelea kidogo. Bahari inayoondoka ni bahari ambayo Baba Neema anaweza kuingia kwa miguu yake mpaka katikati.

Jumanne, siku yetu yenyewe, maji yatapwa mapema, kama saa mbili asubuhi, na hayatakwenda mbali sana. Kila siku yanachelewa kwa dakika arobaini hivi na kwenda mbali zaidi. Ijumaa, Mei Mosi, itakuwa kama saa nne, na Jumamosi ndiyo tutakayofika karibu na mwamba. Utaratibu ni kutoka maji yakiwa bado yanapwa, saa moja na nusu kabla, kuyafuata yanavyokimbia, na kugeuka yakisimama. Si dakika kumi baadaye. Maji hayarudi kwa mstari kutoka mbele, yanapita kwanza kwenye mikondo na mabonde madogo nyuma yako, na asiyejua anajikuta juu ya kisiwa cha mchanga huku maji ya kiunoni yakiwa kati yake na nyumbani. Kwa hiyo siku za mwanzo tutakwenda na mwenyeji. Na tutavaa viatu vya plastiki, maana kule chini kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni safari imeisha.

Tutawakuta kina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani ile mwaka 1989, na kazi yao inakwenda na bamvua, kwa kuwa ndipo mashamba yanapoonekana: vijiti na kamba zimetandikwa kwa mistari, kila kamba ina vichane. Unazunguka, hukanyagi kamba. Wanavyosimulia wakulima, maji yakiwa ya moto sana mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, hunyauka, na wengi wamebaki na spinosum yenye bei ndogo. Wewe mtu wa hesabu utawauliza kilo ni shilingi ngapi na mnunuzi ni nani. Nakufahamu. Utakaa hapo ukisahau taarifa ya habari.

## Mabaya ya Jambiani

Sitaki uje uniambie sikukueleza.

Kutanyesha. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Unguja. Asubuhi mbili tatu zinaweza kupotea kabisa, na radi ikisikika hakuna kwenda kwenye tambarare, kwa sababu pale kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Migahawa mingi itakuwa imefungwa, tutakula tunachopikiwa, na pweza atakuwa mwingi. Sehemu niliyoipata inabaki wazi masika, na bei yake imeshuka vizuri ukilinganisha na Desemba, ila nimewaomba wanieleze kwa maandishi kwamba jenereta inafanya kazi na kwamba chumba chetu hakivuji. Swali la kuvuja walilijibu kwa haraka. La jenereta nimewauliza mara mbili.

Dawa zako za presha tutabeba za juma zima na akiba, kwenye begi la mkononi. Mama atakaa na mdogo wako, nimeshaongea naye na amekubali kabla sijamaliza kuomba.

Na saa kumi alasiri, siku ya tatu? Maji yatakuwa yamejaa mpaka ukingo wa ua. Tulipotembea asubuhi patakuwa na kina cha kukuzamisha. Nadhani tutakaa tukibishana ule mwamba ulikuwa wapi, na mashamba ya yule mama yalianzia mti gani. Ni mazungumzo madogo, ila si ya luku.

Huenda nakosea. Huenda utachoka siku ya pili, utataka kurudi kuona kama geti limefungwa. Nimejiandaa hata kwa hilo, boti zipo kila siku.

## Ninachotaka kutoka kwako

Wifi nimemwandikia, kwa heshima, kwamba ukumbi usishikwe kwanza na michango isipokelewe. Kanuna kidogo. Nimemwahidi chai nzito ya familia nyumbani baada ya misa ya tarehe 26, na sare ya bluu wavae, siwazuii. Wewe ukiongea naye mwambie wazo ni letu wote, tafadhali, hata kama utakuwa hujakubali bado.

Jumatatu asubuhi tunavuka. Jumapili tarehe 3 tunarudi. Chumba kimeshikwa bila malipo mpaka katikati ya Machi, baada ya hapo wanataka nusu. Kama unaona Lushoto ni bora, nitajie sababu moja ambayo si bahari. Kama unataka Mafia, basi anza kujifunza kuogelea sasa, bwawa la shule pale karibu na kazini kwako linafundisha watu wazima Jumamosi, niliuliza.

Na fomu ya likizo ya siku nne nimeiweka kwenye bahasha ya kaki, juu ya friji. Sehemu ya tarehe nimeiacha wazi uijaze kwa mkono wako.